Jibu refu liende wapi? Nilichojifunza kwa kutengeneza fomu za wateja kwenye Word na PDF

Ninaandaa nyaraka za ofisi inayofanya kazi ya uhariri. Hati inayotoka mara nyingi kuliko zote ni fomu ya kupokea kazi: mteja anaandika jina, simu, anwani, aina ya kazi, tarehe anayoitaka, maelezo, orodha ya viambatisho, kisha anaweka sahihi. Kurasa mbili tu. Niliikabidhiwa ikiwa tayari kwenye Word, imepangwa vizuri, na kila nafasi ya kujaza imechorwa kwa mistari ya chini iliyopigwa mmoja mmoja kwenye kibodi. Ikichapishwa na kujazwa kwa kalamu haikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilianza wateja walipotumiwa kwa barua pepe ili wajaze kwenye kompyuta zao.

Zilirudi za kila namna. Neno "Simu" limesukumwa hadi mstari wa pili, anwani imekatwa na vipande vya mistari vimebaki vinaning'inia pembeni, na sehemu ya sahihi imejikuta peke yake kwenye ukurasa wa tatu. Mteja mmoja aliifuta mistari yote akaandika majibu yake kwa wino mwekundu, na kwa kweli ndiyo fomu iliyosomeka vizuri kuliko nyingine.

Ukitaka kuona chanzo, fungua fomu ya aina hiyo ubonyeze `Ctrl+Shift+8`. Alama zilizojificha zitajitokeza: nukta kwa kila nafasi, mshale kwa kila Tab, na ¶ kila aya inapoishia. Hapo utaelewa kwamba ule mstari wa kujazia hauna tofauti yoyote na maandishi mengine. Kila alama ya chini ni herufi kama a au b. Mteja akiandika jina lenye herufi ishirini mwanzoni mwa mstari, anasukuma herufi zilizopo kwenda kulia kwa upana huo huo, na zisizoenea zinashuka chini. Word haina namna ya kujua kwamba pale palikuwa pengo.

Niliijenga upya fomu nzima, na katika kuijenga nikaona kuna swali linalotakiwa kujibiwa kabla ya kugusa kitufe chochote: jibu likiwa refu kuliko nafasi yake, liende wapi? Majibu ni manne tu. Linaweza kusukuma vilivyo chini yake. Linaweza kufichwa. Linaweza kupunguzwa ukubwa wa herufi hadi lienee. Au linaweza kukataliwa, yaani mwandishi akifika mwisho kibodi isikubali tena. Programu itachagua mojawapo hata kama wewe hukuchagua, na mara nyingi itachagua usilolitaka. Nilichukua fomu ya zamani nikaandika kwa penseli pembeni mwa kila swali: anwani, isukume; simu, ikataliwe; maelezo, yasukume hata yakifika ukurasa unaofuata; sahihi, kimo chake kisibadilike kabisa.

Kwenye Word, kinachobeba mpangilio ni jedwali. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo za sentimita 2 kila upande zinabaki 17. Nilizigawa 5 kwa maswali na 12 kwa majibu. Mipaka yote ya jedwali niliiondoa, nikabakiza mpaka wa chini wa kila seli ya jibu. Kwa macho ya mteja ni mstari uleule wa zamani, ila sasa mstari ni ukingo wa seli, na maandishi yanakaa juu yake bila kuusukuma.

Jedwali lenyewe lakini lina tabia moja mbaya. Kwa kawaida Word huruhusu safu wima ijitanue kufuata kilichomo, na mteja akibandika kiungo kirefu cha tovuti kisicho na nafasi hata moja, safu ya majibu inavimba na ya maswali inabanwa hadi maneno yanakatika. Dawa iko kwenye `Table Properties`, kitufe cha `Options`: ondoa tiki kwenye `Automatically resize to fit contents`. Kuanzia hapo sentimita 12 zitabaki 12, na kiungo kirefu kitakatwa kishuke mstari wa pili. Ukiwa hukohuko, angalia na nafasi baada ya aya. Hati mpya za Word kwa kawaida huja na pointi 8 chini ya kila aya, na ikiingia ndani ya seli nafasi hiyo hufanya majibu yaonekane yanaelea juu ya mstari. Ndani ya jedwali mimi huiweka sifuri.

Kimo cha safu mlalo ndicho kinachohitaji akili zaidi, kwa sababu hapo ndipo jibu la lile swali la penseli linapoandikwa. Ukiweka tiki kwenye `Specify height` unapewa chaguo mbili. `At least` maana yake safu isipungue kimo hicho, ila ikihitaji iongezeke. `Exactly` maana yake kimo ni hichohicho potelea mbali. Watengenezaji wengi wa fomu wanaipenda `Exactly` kwa sababu ukurasa hausogei hata kidogo. Ni kweli hausogei, lakini kinachozidi hakionekani. Hakionekani kwenye skrini na hakitoki kwenye karatasi, ingawa kimo ndani ya faili.

Ofisi ilikuwa na fomu nyingine, ya malipo, iliyojengwa na mtu mwingine kwa jedwali lenye `Exactly` kila mahali. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akituletea kazi mara kwa mara, alipiga simu akauliza kwa nini stakabadhi yake imepelekwa mtaa wa jirani.

"Mwanangu, mimi anwani niliiandika yote," alisema. "Mpaka na jina la jengo."

Nikaifungua fomu yake. Niliona mistari miwili tu. Nilipoweka kielekezi mwisho wa mstari wa pili na kubonyeza mshale wa kushuka, kielekezi kilipotea machoni: kulikuwa na mstari wa tatu chini ya ukingo wa seli, na jina la jengo lilikuwemo humo. Hiyo ndiyo njia ya kupima ukishuku kuna maandishi yaliyomezwa. Njia nyingine ni kunakili seli na kuibandika kwenye hati tupu kama maandishi matupu.

Basi kwenye fomu yangu anwani ikapata `At least` ya sentimita 1.6, inayotosha mistari mitatu ya herufi za pointi 11 na kuongezeka ikibidi. Maelezo ya kazi yakapata `At least` ya sentimita 4. `Exactly` niliiacha kwa safu ya sahihi peke yake, sentimita 2, kwa kuwa hapo hakuna wa kuandika kwa kibodi. Halafu kuna tiki ya `Allow row to break across pages`. Kwenye safu fupi niliiondoa, ili anwani isigawanyike nusu huku nusu kule. Kwenye maelezo niliiacha, kwani safu ndefu isiyoruhusiwa kugawanyika huruka nzima kwenda ukurasa unaofuata na kuacha uwazi mkubwa nyuma yake, na mteja hudhani fomu imeishia pale.

Jedwali likishasimama, ndani ya kila seli ya jibu unaweka kisanduku cha kujazia. Viko kwenye kichupo cha `Developer`, ambacho Word hukificha: nenda `File`, `Options`, `Customize Ribbon`, weka tiki kwenye `Developer`. Utaona vitufe viwili vyenye Aa, vinavyofanana kama mapacha. Kimoja ni `Rich Text`, kingine `Plain Text`. Kwa fomu ya mteja mimi hutumia `Plain Text` karibu kila mahali. `Rich Text` hupokea chochote kinachobandikwa pamoja na fonti yake, rangi yake, picha na hata jedwali zima. Mteja akinakili maelezo kutoka tovuti fulani, na vichwa vya habari vya tovuti hiyo vitaingia. `Plain Text` huchukua maneno na kuyavalisha mwonekano mmoja uliouchagua wewe.

Bonyeza kisanduku, kisha `Properties`. Andika jina lake kwenye `Title`, kwa sababu ndilo mteja ataliona juu ya kisanduku akikibonyeza. Weka tiki kwenye `Content control cannot be deleted`, la sivyo mtu akishikilia Backspace anaweza kufuta kisanduku chenyewe. `Allow carriage returns (multiple paragraphs)` niliiwasha kwenye anwani na maelezo tu. Isipowashwa, Enter haifungui mstari mpya, na kwa jina na simu ndivyo ninavyotaka. Kisha nikawasha `Design Mode` na kubadilisha yale maneno ya kijivu ya Kiingereza yanayokuja na kisanduku nikaweka ya Kiswahili: "Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho". Jihadhari na kitu kimoja: maneno hayo ya kijivu huchapishwa kisanduku kikiachwa kitupu. Kwa hiyo yaandike kama maelekezo yasiyoaibisha fomu, na yawe mafupi yasizidi mstari mmoja.

Aina ya kazi nilitumia `Drop-Down List`, ili nisipate majina sita ya kitu kimoja. Ipo na nduguye, `Combo Box`, inayomruhusu mteja kuandika lake akikosa kwenye orodha. Hiyo niliichagua kwa swali la "Umetufahamu kupitia nani". Tarehe nilitumia `Date Picker`, na umbo la tarehe nikaandika hivi:

```
d MMMM yyyy
```

M kubwa ni mwezi. Ndogo ni dakika. Mwezi ukiandikwa kwa jina, hakuna atakayebishana kama 03/04 ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi. Ila usiamini kwamba kisanduku cha tarehe kinamlazimisha mtu kuweka tarehe. Anayetaka kuandika "wiki ijayo Mungu akipenda" ataandika.

Kasoro halisi ya visanduku hivi ni kwamba `Plain Text` haina mahali pa kuweka kikomo cha herufi. Jibu la "ikataliwe" niliyoiandikia simu haliwezekani kwa kisanduku cha kawaida. Kipo kisanduku cha zamani ndani ya `Legacy Tools`, kiitwacho `Text Form Field`, chenye `Maximum length`. Weka 15 na herufi ya kumi na sita haiingii. Kinafanya kazi pale tu hati ikiwa imefungwa, na kinaonekana tofauti na vingine. Kwa simu nilikubali upungufu: nikaacha `Plain Text`, na safu ikapewa `At least`. Namba ya simu ikizidi sentimita 12, basi mteja ana shida nyingine.

Sasa kufunga. Bila kufuli, kuna ajali moja inayotokea kila wiki: mteja anafika seli ya mwisho ya jedwali, anabonyeza Tab akidhani ataenda mbele, na Word inamwongezea safu mlalo mpya. Anabonyeza tena, nyingine. Kwenye kichupo cha `Review` kuna `Restrict Editing`. Weka tiki kwenye sehemu ya pili, chagua `Filling in forms`, kisha `Yes, Start Enforcing Protection`. Kuanzia hapo Tab humpeleka mtu kisanduku hadi kisanduku, na maneno ya maswali hayaguswi. Nenosiri unaloombwa linazuia ajali, halimzuii mtu aliyedhamiria. Usiliweke ukidhani umeficha siri. Mimi hubaki na nakala mama isiyofungwa, nikaiita jina linalosema hivyo, kwa kuwa nenosiri la fomu ya mwaka juzi hakuna anayelikumbuka.

Kufuli hilo lilinikwamisha kwenye orodha ya viambatisho. Mteja mmoja ana faili moja, mwingine ana thelathini. Ukimpa safu tano zilizofungwa, wa thelathini ataandika zote kwenye safu ya mwisho zikitenganishwa kwa mkato. Suluhisho ni kugawa hati kwa `Section Break` aina ya `Continuous`, moja kabla ya orodha na nyingine baada yake. Hati inakuwa na sehemu tatu. Ukirudi kwenye `Restrict Editing`, chini ya `Filling in forms` kutakuwa kumetokea maandishi `Select sections`. Yabonyeze, ondoa tiki kwenye `Section 2`, acha ya kwanza na ya tatu. Sasa orodha iko wazi wakati fomu yote imefungwa, na ile tabia ya Tab kuongeza safu inageuka kuwa msaada: mteja akimaliza safu ya tano anabonyeza Tab anapata ya sita. Kichwa cha orodha nilikihamishia sehemu ya kwanza, kwa kuwa chochote kilichomo kwenye sehemu iliyo wazi kinaweza kufutwa. Na aya za eneo la sahihi nilizipa `Keep with next`, ili orodha ikirefuka, neno "Sahihi", mstari wake na tarehe vihame pamoja.

Faili la mwisho nililihifadhi kama kiolezo, `.dotx`. Ukilifungua kwa kubofya mara mbili hufunguka hati mpya isiyo na jina, na kiolezo kinabaki kitupu. Hii iliondoa kituko cha wateja kututumia fomu iliyojaa majibu ya kazi iliyopita.

Yote haya yanamfaa aliye na Word ya kompyuta. Kwenye simu na kwenye kivinjari mambo hayako sawa. Visanduku vingine havifunguki ipasavyo na hati iliyofungwa inaweza kugoma kuhaririwa. Wateja hao tuliwaandalia PDF, na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: ukiihifadhi fomu ya Word kama PDF kutoka ndani ya Word, visanduku vinakufa. Inabaki picha nzuri ya fomu isiyojazika. Visanduku vya PDF lazima vitengenezwe upya kwenye Acrobat kupitia `Prepare Form`, au vijengwe kwenye LibreOffice Writer, ambayo ni bure: menyu ya `Form`, weka `Text Box` ndani ya kila seli, kisha wakati wa kutoa PDF uhakikishe `Create PDF form` ina tiki.

Kwenye PDF kurasa hazisogei kamwe, kwa hiyo jibu la "isukume" halipo. Yanabaki matatu. Kwenye Acrobat, fungua sifa za kisanduku. Ukubwa wa herufi ukiwa `Auto`, jibu refu litapunguzwa hadi lienee, na kwenye anwani ndefu unapata herufi za kusomwa kwa miwani. `Scroll long text` ikiwa na tiki, mteja ataandika bila kikomo, aone kila kitu kikipita kwenye skrini, na karatasi itoke na mistari ya mwanzo tu. Huo ni ule ule umezaji wa `Exactly`, umevaa nguo nyingine. Mimi huondoa tiki hiyo na kuweka pointi 10: kisanduku kikijaa, kinakataa. Mteja anajua palepale kwamba afupishe au aambatishe karatasi.

LibreOffice inayo `Max. text length`, lakini inahesabu herufi, haipimi upana. Kisanduku changu cha sentimita 12 kwa pointi 10 kinabeba takriban herufi ndogo 65. Mteja anayeandika kila kitu kwa herufi kubwa, na wapo wengi, anafika ukingoni kwenye herufi ya 50 hivi. Kikomo niliweka 50.

Ukinakili kisanduku cha PDF kwenye Acrobat ili uokoe muda, kibadilishe jina. Visanduku viwili vyenye jina moja huhesabiwa kuwa kimoja: mteja anaandika simu yake na inajitokeza pia kwenye anwani. Ukiona hivyo, usitafute kosa kwingine. Tabia hiyo nimeitumia kwa makusudi mahali pamoja, jina la mteja juu ya ukurasa wa pili, linalojaa lenyewe akijaza la kwanza.

Kabla ya kuituma fomu yoyote sasa huifanyia ukatili. Kwenye hati tupu ya Word huandika hii na kubonyeza Enter:

```
=lorem(2,4)
```

Inatoa aya mbili za maneno yasiyo na maana, nami huzinakili na kuzibandika kwenye kila kisanduku, kile cha jina kikiwemo. Kisha Enter kadhaa, Tab hadi mwisho, kiungo kirefu kisicho na nafasi, na jibu zima kwa herufi kubwa. Halafu nachapisha karatasi na kuilinganisha na skrini mstari kwa mstari, maana kilichofichwa hakijitangazi kwenye skrini. PDF huijaza pia kwenye kivinjari, naifunga, naifungua tena. Wateja wengi hujaza ndani ya kivinjari kisha wanatutumia lile faili la kwanza walilopakua, nasi tunapokea fomu tupu kutoka kwa mtu anayeapa kwamba aliijaza. Kwa ajili yao, juu ya fomu nimeweka mstari mmoja: "Ukimaliza kujaza, pakua au hifadhi nakala, ifungue uone majibu yako, kisha tuma hiyo."